Una skrinshoti kumi za nyumba za kupanga Mwanza? Zipange hivi kabla hujampigia dalali

Mwezi wa kwanza mwaka huu mdogo wangu alipata kazi duka la dawa pale mjini karibu na Makoroboi, na ndani ya siku tatu simu yake ilikuwa imejaa skrinshoti za nyumba, zingine za status za watsapu, zingine za insta, zingine kaforwadiwa na watu wa kanisani. Zilikuwa kumi na moja. Kila jioni anazipitia, anasema hii nzuri, hapana hii ndo nzuri zaidi, na kesho yake anaanza upya. Picha zikiwa nyingi hivyo macho yanachoka, unaishia kuchagua ile yenye jipsam ya kupendeza, afu ukifika unakuta chumba hakiingii kitanda cha sita kwa sita na kabati.

Kwa hiyo tulikaa chini tukazigeuza ziwe namba. Namba tatu tu kwa kila nyumba: kodi kwa kila mita ya mraba, hela ya kuingilia siku ya kwanza, na dakika kutoka mlangoni mpaka kazini. Naeleza tulivyofanya, na namba zetu zenyewe, we utaweka za kwako.

Anza kwa kutoa zinazojirudia

Hapa Mwanza nyumba moja inapostiwa na madalali hata watano, kila mmoja na bei yake na jina lake la mtaa. Mmoja anaandika Nyegezi, mwingine anaandika Malimbe, mwingine Nyegezi Kona, na ni chumba kilekile. Usiangalie maandishi, angalia vitu ambavyo havihami: nyavu na nondo za dirisha, mchoro wa jipsam, rangi ya taili za choo, na zaidi ya vyote lile jiwe la nyuma. Huu mji wetu una mawe bwana, na kila jiwe lina sura yake. Sisi tulikuwa na skrinshoti mbili, moja imeandikwa 150,000 na nyingine 180,000, tukazoom dirishani tukaona jiwe lilelile lenye ufa wa kushuka kulia na mti wa mpera umeota kwenye ufa. Nyumba moja. Tukabaki na ya 150,000, na baadae tukampigia dalali wa bei ya chini.

Ukitoa zinazojirudia, toa pia zile ambazo hazina mtaa kabisa au hazina bei, zile za "bei njoo inbox". Mwandikie dalali mara moja, akijibu unairudisha, asipojibu achana nayo. Kumi na moja zetu zikawa saba. Na jambo moja, usifute skrinshoti hata moja mpaka umeshahamia, kwa sababu kuna siku utaihitaji kumwonyesha dalali kwamba bei aliyoposti si hii anayoitaja leo.

Kupata mita za mraba kutoka kwenye picha

Hapa ndo watu wengi wanakwama maana matangazo yetu hayaandiki ukubwa. Yanaandika "chumba kikubwa sana" basi. Lakini ukubwa upo kwenye picha, upo sakafuni. Hesabu taili.

Taili nyingi za sakafu utakazokutana nazo ni za saizi tatu: 60 kwa 60, 40 kwa 40, na 30 kwa 30 (hizi za sentimita thelathini sana sana ni chooni). Taili moja ya 60 ni mita mraba 0.36, ya 40 ni 0.16, ya 30 ni 0.09. Unahesabu taili upande mmoja wa ukuta, unahesabu upande wa pili, unazidisha, afu unazidisha tena na ukubwa wa taili moja. Zile zilizokatwa pembeni hesabu kama nusu, ikiwa ni kipande chembamba kabisa kiache.

Utajuaje taili ni ya ngapi? Angalia mlango. Mlango wa chumba kwa kawaida una upana wa futi tatu hivi, yaani karibu sentimita 90. Kama mbele ya mlango inaingia taili moja na nusu, hiyo ni ya 60. Kama zinaingia mbili na kidogo, ni ya 40. Tatu kamili, ni ya 30. Ukishindwa, muulize dalali, hilo swali atalijibu haraka kuliko ukimuuliza mita za mraba.

Uzuri wa taili ni kwamba haidanganyi hata kama picha inadanganya. Siku hizi simu zina ile lenzi ya 0.5 inayopanua, chumba kidogo kinaonekana kama ukumbi, lakini lenzi haiwezi kuongeza taili. Kama ukuta una taili tano, ni tano tu hata uipige picha ukiwa umesimama dirishani. Nilimwambia mdogo wangu, funga macho kwa kila kitu, tazama mistari ya sakafu peke yake, na nyumba mbili alizokuwa anazipenda zilianguka hapohapo.

Kama sakafu ni ya sementi au wameweka kapeti, omba vipimo kwa futi maana mafundi na wenye nyumba wanaongea futi: kumi kwa kumi, kumi kwa kumi na mbili. Zidisha, afu gawanya kwa 10.76 upate mita mraba. Ila uliza hivi, "hizo futi ni ndani kwa ndani?" kwa sababu mwenye nyumba mara nyingi anakumbuka vipimo vya msingi, nje kwa nje. Chumba cha kumi kwa kumi cha nje, ukitoa unene wa tofali kila upande kinabaki kama tisa kwa tisa ndani, yaani kutoka mita mraba 9.3 unashuka mpaka 7.5. Hapo kitanda na kabati vinaanza kugombana.

Hesabu sehemu unazoishi tu: chumba, sebule, jiko, choo. Baraza la mbele mnaloshea na wapangaji wengine usilihesabu, wala parking. Na ukishaamua hivyo fanya hivyohivyo kwa nyumba zote, la sivyo ulinganisho hauna maana.

Hela ya kuingilia

Kwenye tangazo utaona "180k x 6" ukadhani ni hiyo tu. Siku ya kuingia unatoa vitu vitatu: kodi ya miezi waliyosema, dipoziti kama ipo, na hela ya dalali ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kuna pia hela ya kuzungushwa kuonyeshwa nyumba, hiyo sisi tuliiweka pembeni.

Dipoziti uliza swali hili kwa maneno haya: "Inarudi, au inaliwa mwezi wa mwisho?" Ni vitu viwili tofauti. Inayoliwa mwezi wa mwisho ni kodi uliyotanguliza, hutaiona tena mkononi lakini hutalipa mwezi ule. Inayorudi ni dhamana ya uharibifu, na hapo ndo kwenye maneno mengi. Mimi mwenyewe kuna nyumba nilihama, mwenye nyumba akaniambia dipoziti yote imeishia kwenye rangi, na rangi ile ilikuwa imeanza kubanduka kabla sijaingia, sikuwa na picha hata moja ya kuthibitisha. Iliniuma sana kwa sababu nilikuwa naitegemea kulipia nyumba mpya. Kwa hiyo sa hivi kwenye hesabu zangu dipoziti naihesabu kama hela iliyokwama, siiweki kwenye mipango ya kuhama.

Kama unatumia Google Sheets weka kodi B, mita mraba C, miezi ya kulipa D, dipoziti E, dalali F, na G weka hela ya boda ya mwezi (nitaieleza chini). Fomula ni mbili tu, ya kwanza bei kwa mita mraba, ya pili hela ya kuingilia:

```
=(B2+G2)/C2
=B2*D2+E2+F2
```

Ukiwa huna sheets, daftari na kalkuleta ya simu vinatosha kabisa, sisi tuliandika nyuma ya daftari la vikoba la mama.

Dakika, na zipimwe asubuhi

"Dakika 10 kutoka mjini" ya kwenye tangazo ni dakika za mtu mwenye gari binafsi, Jumapili. Za kwako zina vipande vinne: kutembea mpaka lami, kusubiri daladala, mwendo wenyewe, na kutembea kutoka kituoni mpaka kazini. Tangazo linataja kipande cha tatu peke yake.

Njia ya uhakika ni kwenda kupima siku ya kazi. Tulifanya Jumatatu na Jumanne, sio kwa nyumba zote saba, kwa mitaa minne tu iliyokuwa imebaki baada ya kutoa zilizokuwa juu ya uwezo wake kabisa. Unakuwa kituoni saa moja kasoro kumi, unawasha stopwochi ya simu, unapanda mpaka mjini. Kenyatta Road kutokea Buhongwa na Nyegezi mnabanana kuanzia Mkuyuni kuja Igogo, Nyerere Road kutokea Igoma mnaanza kusimama Buzuruga mpaka Mabatini. Ukipima saa nne asubuhi utapata namba nzuri ambayo hutaiishi hata siku moja. Na angalia pia kama daladala inafika imejaa. Kituo cha mwanzo unapata siti, kituo cha katikati unaweza kupitwa na gari tatu, na zile dakika za kupitwa ni za kwako.

Kipande cha kutembea mpaka lami pima kwa miguu, kama huwezi kufika, omba dalali akutumie location ya nyumba upime umbali kwenye ramani. Ila ramani haijui mlima. Mitaa yetu ya juu kwenye mawe, mita mia tatu za kupanda zinaweza kukuchukua muda wa mita mia saba za tambarare, na mvua ikinyesha kile kinjia kinakuwa mfereji.

Nyumba zetu nne

Kabla ya kuangalia namba, mdogo wangu aliandika mipaka yake miwili juu ya karatasi: hela ya kuingilia isizidi 1,100,000 maana ndo alikuwa nayo, na asubuhi isizidi dakika 50 maana anatakiwa kufungua duka saa mbili. Mipaka iandike kabla. Ukiiandika baada ya kuona nyumba uliyoipenda utaisogeza tu.

Ya Buhongwa ilikuwa ndo nyumba yenye lile jiwe la ufa, na location ilipokuja tukaona wala sio Nyegezi wala Malimbe kama madalali walivyoandika. Vyumba viwili na sebule, kodi 150,000, taili zikatupa mita mraba 41. Ni kama 3,660 kwa mita, rahisi kuliko zote kwa mbali sana. Lakini miezi sita pamoja na dipoziti na dalali ni 1,200,000, na asubuhi tulitumia dakika 75. Imevunja mipaka yote miwili. Hapa ndo utaona kwa nini bei kwa mita peke yake inapotosha, nyumba inakuwa rahisi kwa sababu iko mbali, ule urahisi unaulipia barabarani.

Ya Igoma, chumba na sebule na choo ndani, 120,000, haina dipoziti, miezi sita. Futi za ndani zilijumlishwa zikawa 244, sawa na mita mraba 22.7. Bei kwa mita kama 5,290, kuingia 840,000. Kwenye karatasi ilionekana inashinda. Tukaenda kupima: kutembea mpaka lami dakika 18, kusubiri 10, daladala 32, kutembea mjini 5, jumla 65. Dalali akasema si unachukua boda mpaka lami, kweli ukichukua boda zile 18 zinakuwa 4 unafika kwa dakika 51, karibu kabisa na mpaka wake. Lakini boda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi. Hiyo hela ni kodi, haijalishi unampa nani. 120,000 inakuwa 172,000, na bei kwa mita inaruka mpaka kama 7,580. Ndo maana kuna ile kolamu ya G.

Nauli ya daladala sikuiweka kwenye hesabu kwa sababu kutoka mitaa yote minne angeilipa, tofauti ilikuwa ndogo. Kama kwako kuna mtaa unapanda gari mbili, iongeze.

Ya Kirumba, chumba masta peke yake, 130,000 kwa miezi sita, haina dipoziti. Taili za 40, kumi kwa tisa, na choo kidogo, jumla mita mraba 16. Ni kama 8,130 kwa mita, ghali kuliko zote. Kuingia 910,000, dakika 25 tu. Vyumba vidogo karibu kila mara vinakuwa ghali kwa mita, kwa sababu choo na maji na uzio gharama yake ni ileile hata chumba kiwe kidogo, kwa hiyo usiitupe nyumba kwa ajili hiyo peke yake.

Ya Nyegezi, chumba, sebule, jiko na choo, 180,000. Sebule taili za 60 sita kwa saba, chumba tano kwa sita, jiko na choo vidogo, jumla mita mraba 32. Bei kwa mita kama 5,630, dakika 48. Tatizo hela ya kuingilia: miezi sita na dipoziti na dalali ni 1,440,000. Ila mpaka wa dakika hauongeleki na mtu, huu wa hela unaongeleka. Kwa miezi mitatu inakuwa 900,000. Tukamwandikia dalali swali moja tu, mwenye nyumba anapokea miezi mitatu mitatu? Akajibu jioni, anapokea ila kwa mkataba.

Basi orodha fupi ikawa mbili, Nyegezi na Kirumba, Igoma ikakaa akiba. Kumi na moja mpaka mbili, na hela ya kuzungushwa akalipa mara mbili tu.

Siku ya kwenda kuona

Beba futi kamba na zile skrinshoti. Kazi yako ya kwanza ukiingia ni kuhesabu taili zilezile ulizohesabu kwenye picha. Pale Nyegezi sebule na chumba vilikuwa sawasawa na hesabu yetu, lakini jikoni taili zilikuwa za kahawia wakati kwenye picha ni nyeupe. Mdogo wangu akatoa simu akamwonyesha dalali. Picha ya jiko ilikuwa ya nyumba ya jirani hapohapo ndani ya uzio, hii yenyewe haikuwa na jiko, ilikuwa na kikorido chenye meza ya zege. Tukapima upya, mita mraba 28. Kwa 180,000 inapanda mpaka kama 6,430.

Hakugombana na mtu. Alimwambia mwenye nyumba, mama mmoja mtulivu, "Mama shikamoo, mi nilikuja kwa ajili ya jiko hili la kwenye picha, naomba tuongee bei kwa jinsi nyumba ilivyo." Wakaishia 165,000. Kwa mita 28 ni kama 5,890, bado chini sana ya Kirumba, na kuingia kwa miezi mitatu na dipoziti na dalali ikawa 825,000.

Kabla ya kulipa alifungua bomba la chooni na la nje akaacha maji yatoke, akamuuliza mpangaji wa jirani (sio dalali) maji yanakatika siku ngapi kwa wiki, akaangalia kama luku ni yake peke yake. Akapiga picha kila ukuta, na pale kwenye kona ya chumba ambapo rangi ilikuwa imevimba kwa unyevu akapiga kwa karibu akamtumia mwenye nyumba watsapu hapohapo ili tarehe ibaki. Kwenye mkataba dipoziti iliandikwa mstari wake, tofauti na kodi: 165,000, inarudi ndani ya siku 14 baada ya kukabidhi funguo. Mama yule akasaini, na mdogo wangu akaomba mjumbe wa mtaa awe shahidi.